Barua ya Kuombwa Radhi: Pesa Yako ni Ipi, Fidia ni Ipi?

Tuseme bili yako ya intaneti ni shilingi 2,500, lakini tarehe 3 umekatwa mara mbili. Kampuni inakuandikia: "Pole sana, tumekuwekea shilingi 2,500 kama fidia." Hapo tungekuambia usishukuru haraka. Hiyo si fidia, ni pesa yako.

Barua iliyonyooka hutaja nambari ya muamala uliorudiwa na chanzo cha kosa, kwa mfano mitambo ilituma ombi la malipo tena baada ya mtandao kukwama. Kisha inatenganisha hesabu: 2,500 zinarudi, pamoja na ada ya shilingi 20 uliyokatwa kwa muamala wa pili, halafu, kando, 250 za usumbufu. Hizo 250 ndizo fidia.

Angalia pia pesa zinarudi wapi. Zikiwekwa kwenye akaunti ya bili, zitapunguza bili ya mwezi ujao tu. Unga huwezi kununua nazo. Ukizitaka kwa simu, waandikie ukitaja nambari ileile ya muamala.

Na barua ikikuomba namba ya siri ndio "urudishiwe", achana nayo. Kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri.