Namba Mbili Zinazoamua Programu Ifike kwa Nani

Ndani ya kila programu ya Android kuna mistari miwili mifupi ambayo mtumiaji haioni kamwe. Tuseme programu ya kutangazia wakulima bei za sokoni imeandikwa hivi:

```
minSdk = 24
targetSdk = 30
```

Ya kwanza ni kizingiti: 24 ni Android 7, na simu iliyo chini ya hapo haiwezi kuipakua. Ya pili watu wengi huielewa vibaya. Haimfungii mtu mlango. Inaueleza tu mfumo kwamba programu iliandaliwa kwa kanuni za Android 11, hivyo simu mpya zaidi huilegezea baadhi ya masharti yaliyokuja baadaye.

Duka la Google Play halina subira na hali hiyo. Tangu Agosti 31, 2025, programu mpya na maboresho hutakiwa kulenga 35, yaani Android 15. Iliyokwisha kuwamo dukani sharti iwe imefika walau 34. Ikibaki 30, waliokwisha kuiweka wanaendelea nayo, lakini mteja mpya mwenye Android 12 au zaidi haioni. Mwenye Android 9 anaipata bila taabu! Kwa hiyo mwenye programu hapotezi wenye simu kuukuu, bali wale walionunua simu mpya.

Akipandisha hadi 35, Android 7 bado imo, kwa kuwa kizingiti hakikuguswa. Kazi iko kwingine. Kuanzia 33, programu yenyewe ndiyo inayopaswa kumwomba mtumiaji ruhusa ya kutuma arifa. Asipoliandika ombi hilo, wateja wapya wenye Android 13 na kuendelea hawatapata tangazo lolote la bei, wala hakuna kosa litakaloonekana. Kwenye Android 15 nayo, kurasa hutandazwa hadi kingo za kioo, na kitufe cha chini kinaweza kufunikwa na vitufe vya simu. Kasoro zote mbili hujitokeza mtu akiiweka upya programu kwenye simu yenye Android 15, ilhali akiiboresha tu iliyokuwepo, ile ya arifa inaweza isionekane.

Ukali huu una sababu. Android 6 ilianza kuomba ruhusa moja moja wakati programu inatumika, kwa zile zilizolenga 23. Watunzi wa programu hasidi wakabaki 22 makusudi, wapewe ruhusa zote kwa mkupuo siku ya kuwekwa. Android 14 ikaanza kuzikataa, hata zikitoka nje ya duka.

Kizingiti hakina amri ya namna hiyo. Takwimu za Play Console humwonyesha mwenye programu ni wateja wake wangapi walio kwenye kila toleo la Android. Akikipandisha hadi 26, wenye Android 7 hubaki na toleo la mwisho walilonalo, nalo litawafaa mradi tu seva yake iendelee kulihudumia.