Mpunga Ukichemshwa Kabla ya Kukobolewa

Ndugu msomaji, ukienda tena kukoboa mpunga, usiondoke mashineni haraka. Zunguka uangalie lundo la pumba. Chota kidogo mkononi, upulize maganda yaruke. Kinachobaki ni unga laini wa kahawia. Ukiusugua kwa vidole utaona una mafuta kidogo. Watu huuchukua kulishia kuku na nguruwe, na mifugo hiyo hunawiri. Unga huo ulikuwa ngozi ya mchele wako.

Punje ya mpunga ina ganda gumu nje, ambalo haliliwi. Chini ya ganda kuna ngozi nyembamba ya kahawia, pamoja na kiini, yaani pale mbegu inapochipulia. Ndani kabisa kuna sehemu nyeupe, na hiyo karibu yote ni wanga. Ukiondoa ganda tu, unapata mchele wa kahawia. Ukiendelea kuusugua mpaka ngozi na kiini vitoke, unapata mchele mweupe, huu tunaoupenda wengi.

Lakini kuna mchele wa tatu. Huu hutokana na mpunga uliochemshwa ukiwa bado na ganda lake, ukakaushwa, ndipo ukakobolewa. Huko India, Bangladesh, Nigeria na Benin watu wengi wanaula kila siku. Kwetu Tanzania si desturi ya wengi. Nataka tuutazame mchele huu, kwa sababu una jambo la ajabu ndani yake.

Jambo lenyewe lilianza kujulikana kwa kuku. Katika miaka ya 1890, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa akifanya kazi katika kisiwa cha Java, ambacho leo ni sehemu ya Indonesia. Huko watu wengi walikuwa wakiugua beriberi. Miguu hufa ganzi na kulegea, wengine huvimba, na moyo huweza kushindwa kufanya kazi. Kuku wa daktari nao wakaanza kulegea miguu. Ikagundulika kwamba walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe wa hospitali. Walipopewa mchele wenye ngozi yake, wakapona.

Baadaye, katika miaka ya 1905 na 1906, daktari William Fletcher aliwajaribu watu katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Kuala Lumpur, nchi ya Malaya. Kundi moja lilipewa mchele mweupe wa kawaida. Kundi la pili lilipewa mchele wa mpunga uliochemshwa. Watu kadhaa wa kundi la kwanza waliugua beriberi, na baadhi yao wakafa. Kundi la pili lilisalimika, isipokuwa wachache ambao walikuwa wameingia hospitalini na ugonjwa huo tayari.

Sasa fikiri, msomaji. Mchele ule wa kundi la pili nao ulikuwa umekobolewa na ngozi yake imeondolewa. Uliwakingaje watu?

Jibu liko katika maji ya moto. Kinachozuia beriberi ni vitamini B1, nayo imejaa katika ngozi na kiini. Vitamini hii huyeyuka katika maji. Mpunga ukilowekwa katika maji ya moto, maji hupenya ganda, huyeyusha vitamini iliyo katika ngozi, na sehemu yake huingia nayo ndani ya wanga. Mvuke unapofuata, wanga huvimba na kushikamana, na vitamini hunaswa humo. Ukienda mashineni ngozi itatoka kama kawaida, lakini baadhi ya mali yake imekwisha kuhamia ndani.

Tupige hesabu. Chukua mtu mzima anayekula gramu 400 za mchele kwa siku, yaani pungufu kidogo ya nusu kilo. Mwili wake unahitaji karibu miligramu 1.2 za vitamini B1 kwa siku. Akila mchele mweupe, mchele huo una miligramu 0.3 tu, ambayo ni robo ya haja yake. Akila wa mpunga uliochemshwa, atapata kama 0.8. Akila wa kahawia, atapata kama 1.6, zaidi ya haja. Hesabu hii ni ya mchele mkavu. Ukiuosha mara nyingi, au ukipika kwa maji mengi na kuyamwaga, vitamini nyingine itakwenda na maji. Mchele mweupe ndio unaopoteza upesi zaidi.

Sisemi kwamba kila anayekula wali mweupe ataugua beriberi. Anayeula kwa maharage, kunde au njugu mawe hupata vitamini hiyo humo. Anayepaswa kuangalia ni yule ambaye sahani yake ni wali mtupu na mchuzi mwepesi, siku baada ya siku, hasa mama mjamzito au anayenyonyesha.

Kuhusu nyuzinyuzi, kuchemsha mpunga hakusaidii sana. Nyuzinyuzi haziyeyuki na kuhamia ndani kama vitamini. Zinakwenda na pumba. Mchele wa kahawia una kama gramu 3 na nusu katika kila gramu 100. Mweupe una kama gramu 1, na wa mpunga uliochemshwa unazidi hapo kidogo tu. Kwa hiyo mwenye shida ya kupata choo kigumu atasaidiwa na mchele wa kahawia, au mboga za majani.

Jambo la tatu ni sukari ya damu. Hapa watu wengi wanakosea. Jirani yangu mmoja, mzee mwenye ugonjwa wa kisukari, aliambiwa mjini kwamba mchele wa kahawia ndio mchele wa wagonjwa wa kisukari. Akaununua kwa bei kubwa. Baada ya miezi miwili akanijia analalamika. "Bwana shamba, nakula dawa hii kila siku, lakini zahanati wananiambia sukari iko pale pale."

Nilimwomba mama wa nyumbani kwake apakue kama anavyompakulia kila siku. Kisha tukaupima wali ule kwa kikombe cha chai. Vilitoka vikombe vitatu. Kwa kuwa mzee aliamini ni dawa, alikuwa ameongeza sahani.

Kikombe kimoja cha wali kina karibu gramu 45 za wanga, uwe mweupe au wa kahawia. Wanga wote huo ukisagwa tumboni hugeuka sukari. Tofauti ni mwendo tu: mwingine huingia katika damu haraka, mwingine polepole. Wataalamu hupima mwendo huo kwa kulinganisha na glukosi, ambayo huipa alama 100. Mchele mweupe hupata kwa wastani kama 73. Wa kahawia hupata kama 68. Unaona kwamba hawakuachana mbali. Mchele wa mpunga uliochemshwa mara nyingi hupata chini ya hapo, ingawa ngozi yake imetolewa. Lakini alama hubadilika sana kwa aina ya mpunga na jinsi ulivyochemshwa. Mpunga ambao wali wake hunatana huwa juu kuliko ule ambao wali wake huachana punje punje.

Kwa nini wa kuchemshwa uende polepole? Kumbuka ugali wa kiporo. Jana ulikuwa laini, leo asubuhi umekuwa mgumu, na ukiukata unatoka vipande. Wanga uliopikwa ukapoa hukaza, na tumbo huchukua muda kuusaga. Mpunga uliochemshwa umekwisha kupita njia hiyo ndani ya ganda lake, ukapoa na kukauka.

Yule mzee tulimshauri apunguze wali ubaki kikombe kimoja, na nafasi iliyobaki ijazwe maharage na mchicha. Mganga wa zahanati alimtaka arudi kupima mara kwa mara, maana mtu anayetumia vidonge au sindano za kisukari akipunguza chakula ghafla, sukari inaweza kushuka mno akaanguka. Usibadili chakula bila kuwaambia wanaokutibu.

Ukitaka kujaribu kuchemsha mpunga wako, anza na kilo 10. Uoshe vizuri na uondoe mapepe yanayoelea. Utie kwenye sufuria, ufunike kwa maji, upashe moto mpaka maji yawe makali yasiyoshikika kwa mkono, lakini yasitokote. Epua, funika, uache mpaka kesho yake asubuhi. Kisha mwaga maji hayo. Weka maji kidogo chini ya sufuria, weka kichanja au chujio juu yake, mimina mpunga hapo, funika vizuri, na upike kwa mvuke. Maji ya chini yasiguse mpunga. Baada ya dakika 20 hadi 30 utaona maganda yameanza kupasuka. Epua hapo.

Anika juani kwa saa moja au mbili, ukigeuza geuza, halafu umalizie kivulini. Ukiuacha kwenye jua kali mpaka mwisho, punje hupasuka ndani, na mashineni utapata chenga. Chukua punje moja, imenye na uikate katikati. Ikiwa ndani mna doa jeupe kama chokaa, mvuke haukufika. Ikiwa yote imekuwa kama kioo, imeiva. Uma punje nyingine: ikivunjika kwa mlio, imekauka na inaweza kwenda mashineni. Ikibonyea, bado. Katika kilo 10 utapata kama kilo 6 na nusu za mchele.

Ukitaka wa kahawia, jua kwamba mashine nyingi za vijijini, zile za chuma, huondoa ganda na ngozi pamoja. Inatakiwa mashine yenye magurudumu ya mpira, au kinu na mchi kwa kutwanga kidogo. Tena usikoboe mwingi. Mafuta ya ile ngozi huchacha, na baada ya miezi michache mchele wa kahawia hunuka.

Kikundi cha akina mama niliofanya nao jaribio la kwanza hawakupasha maji moto. Waliloweka mpunga katika maji baridi kwa siku mbili, ukachacha, na wali wake hatukuweza kuula. Mara ya pili tulifuata njia niliyoeleza. Mchele ulitoka wa rangi ya manjano kidogo, mgumu, na chenga zilikuwa chache. Ulitaka maji mengi zaidi na muda mrefu zaidi jikoni, na kuni za kuchemshia mpunga zilikuwa za ziada, ingawa maganda ya mashineni yalisaidia kuwasha moto. Wali wake uliachana punje punje, lakini ile harufu nzuri ya mpunga wetu ilikuwa imepotea. Mama mmoja alionja, akatafuna kwa muda, akasema huu atawapikia watoto siku za kazi, lakini siku ya harusi ya binti yake asiambiwe habari za kuchemsha mpunga.