Betri za gofu kwenye mashine ya vifaranga: seli moja inavyoangusha kumi na moja

Kijana mmoja ninayemhudumia, anayetotolesha vifaranga chotara, alinipigia saa kumi alfajiri. Inveta imezima, mayai yapo siku ya 16. "Bwana shamba, betri zilikuwa zimejaa jioni, mita ilisoma vizuri kabisa!" Bahati jirani alikuwa na jenereta.

Mfumo wake ni wa volti 24: betri nne za volti 6 zile za magari ya gofu, zimeungwa mfululizo. Kila betri ina seli tatu, kwa hiyo jumla ni seli 12. Hapo ndipo penye mtego. Mita inajumlisha seli zote, na seli mgonjwa inajificha katikati ya wenzake.

Tulizijaza chaji, tukaziacha zipumzike masaa mawili bila mzigo, halafu tukapima maji ya kila seli kwa haidromita. Seli tisa zilisoma karibu 1.265, ambayo ni betri iliyojaa. Mbili zilisoma 1.225. Moja ilisoma 1.190. Mita ya volti ilionyesha 25.2, wakati zote 12 zingekuwa sawa ingeonyesha 25.3 tu. Nani angeshtuka kwa tofauti hiyo?

Nikamuuliza anaongezaje maji. Akasema kila Jumapili asubuhi, anajaza mpaka mdomoni. Kosa ni hilo. Asubuhi betri imetumika usiku kucha na maji yake yameshuka. Ikichajiwa yanapanda, na kama ulijaza mpaka juu yanamwagika pamoja na asidi. Jumapili inayofuata unaongeza maji matupu, na asidi ya seli hiyo inazidi kupungua. Ongeza maji baada ya chaji kujaa, uishie karibu milimita 3 chini ya shingo ya tundu. Ukikuta pleti ziko nje kabla ya kuchaji, zifunike tu, mengine ongeza baadaye. Na dukani soma chupa vizuri: unataka maji safi ya betri, si asidi. Maji ya bomba au kisima yana chumvi, usiyatumie.

Seli zikitofautiana pointi 30 au zaidi, yaani kwa mfano 1.265 na 1.235, ni wakati wa chaji ya kusawazisha. Hii ni kuzidisha chaji kwa makusudi ili seli zilizobaki nyuma zifike, huku zilizojaa zikichemka tu mapovu. Kwa mfumo wa volti 24 ni kati ya 31 na 32.4, fuata karatasi ya mtengenezaji wako. Kwenye skrini ya kidhibiti chaji cha sola huandikwa Equalize. Betri zilizozibwa, za jeli na kadhalika, usizifanyie hivi, utaziua.

Volti hizo zinaweza kuunguza vifaa, hivyo mizigo yote inatolewa, pamoja na inveta. Ndiyo maana nilimwambia asubiri vifaranga vitoke, mashine ikiwa inaoshwa. Siku hiyo tulichaji kwanza mpaka zikajaa, tukahakikisha maji yamefunika pleti, tukafungua madirisha yote kwa sababu hewa ya haidrojeni inayotoka hulipuka kwa cheche. Hakuna sigara, hakuna jiko. Miwani na glavu tulivaa, na ndoo ya maji yenye magadi ilikuwa karibu kwa kuoshea sakafu asidi ikidondoka.

Tukapima kila saa. Unaacha pale namba zinapokoma kupanda, au betri ikifika joto la nyuzi 50. Baada ya masaa matatu, zile mbili zilifika 1.255. Ile moja ilifika 1.205 ikagoma, vipimo viwili mfululizo namba ile ile.

Je, ilipoteza asidi tu, au imekufa? Kusawazisha hakurudishi asidi iliyomwagika, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Tuliiwashia mashine ikiwa tupu, tukapima kila betri ikiwa kazini. Baada ya masaa matatu, tatu zilikuwa 6.2, na yenye seli ile 5.6. Imekufa. Ingepungukiwa asidi tu, isingeporomoka hivyo mapema.

Alitaka kununua betri mpya moja. Nilimkatalia, kwa sababu zake zina miaka mitatu, na mpya ingeburutwa na wazee. Alitafuta iliyotumika ya ukubwa na umri unaokaribiana. Tuliipima kwa haidromita kabla ya kulipa, akaijaza chaji peke yake ndipo akaiunga.

Sasa kila vifaranga wakitoka, yaani kila siku 21 hivi, anaongeza maji, anapima, na kuandika namba 12 kwenye daftari la mayai. Kusawazisha anafanya pale tu namba zinapodai. Mara ya mwisho seli zilitofautiana pointi 15, akaziacha.