Waya mmoja, milango miwili

Mpiga picha anachomeka iPhone kwenye kompyuta ya Windows, anafungua simu na kugusa Trust. Inatokea folda ya DCIM: picha na video tu. Nyaraka zake hazionekani humo kabisa.

Anaanza kunakili, na katikati kazi inakatika kwa ujumbe huu: “A device attached to the system is not functioning.” Mara nyingi waya hauna kosa. Simu huwa inageuza picha za HEIC kuwa JPEG huku ikizituma, na hapo ndipo inapokwama. Dawa ni kufungua mipangilio ya Photos, kushuka hadi “Transfer to Mac or PC” na kuchagua “Keep Originals”. Picha zitapita zikiwa HEIC, na huenda Windows ikahitaji programu ya nyongeza kuzifungua.

Android kwenye Mac ni kinyume chake. Simu iko tayari kuonyesha folda karibu zote, hata Download, lakini Mac haielewi MTP, lugha ambayo simu hiyo hutumia kutoa faili. Ukichomeka waya, Finder hukaa kimya. Programu ya bure ya OpenMTP huziba pengo hilo, mradi kwenye simu uchague “File transfer” badala ya kuchaji pekee.