Windows+Shift+S Inapokaa Kimya

Mjini Goma ni kawaida kukuta kompyuta yenye Windows ya Kifaransa na kibodi ya AZERTY. Mchapaji hati anabonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, cha Shift (chenye maandishi `Maj` au mshale wa kwenda juu) na S ili akate kipande cha skrini, lakini haoni picha. Wengi huilaumu AZERTY, kumbe haina kosa: inahamisha A, Q, Z, W na M, huku S ikibaki mahali pake.

Kwanza uangalie skrini yenyewe. Ikififia kidogo na mshale wa kipanya ukawa msalaba, njia ya mkato imefanya kazi. Ukishachagua eneo, picha huingia kwenye ubao wa kunakili, kisha arifa hujitokeza pembeni. Arifa hiyo ikizimwa, au `Ne pas déranger` ikiwa imewashwa, utadhani hakuna kilichotokea. Fungua Paint au Word, ubonyeze Ctrl+V. Picha ikitokea, kilichokosekana ni arifa tu. Iwashe kwenye `Paramètres > Système > Notifications`.

Usichelewe kuibandika. Ubao huo hushika kitu kimoja tu, na ukinakili neno lingine, picha hutoka humo. Windows+V huwasha historia inayohifadhi hadi vitu 25, lakini ambavyo hukuvibana kwa pini hufutika kompyuta inapozimika. Katika mji ambao umeme hukatika ghafla, hilo si jambo dogo: hifadhi picha kama faili papo hapo.

Skrini isipofifia kabisa, pima kama kosa ni la kibodi au la programu. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, chagua `Exécuter`, uandike:

```
ms-screenclip:
```

Skrini ikififia sasa, programu ni nzima na tatizo liko kwenye vitufe. Bonyeza kitufe cha Windows peke yake. Menyu isipofunguka, huenda kimefungwa, kwani baadhi ya kibodi za michezo zina kufuli lake, au kimekufa. Menyu ikifunguka, nenda `Paramètres > Accessibilité > Clavier`, utazame `Touches filtres`. Kipengele hiki hupuuza mibonyezo mifupi, na mtu anaweza kukiamsha bila kujua kwa kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8. Dalili yake ni herufi kuchelewa kutokea hata unapoandika barua ya kawaida. Kwenye ukurasa huohuo, katika Windows 11, unaweza kukipa kitufe cha `Impr écran` kazi ya kukata skrini.

Amri hiyo nayo ikinyamaza, programu ndiyo mgonjwa. Tafuta `Outil Capture d'écran` kwenye orodha ya programu, ingia `Options avancées`, ubonyeze `Réparer`. `Réinitialiser` iache iwe ya mwisho, maana hufuta mipangilio yote ya programu hiyo.