Kisiwa Kinachosogea

Chombo kimetulia katikati ya bahari. Hakiendi popote. Nyota zinachomoza upande mmoja na kuzama upande wa pili, maji yanapita chini ya mbao, na visiwa ndivyo vinavyosafiri: kimoja kinakaribia omo, kingine kinarudi nyuma ya tezi. Hivyo ndivyo nahodha wa visiwa vya Karolini, magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, anavyoiona safari yake. Anajua vizuri kwamba ni chombo kinachokwenda, kama abiria wa basi anavyojua kwamba si miti inayokimbia dirishani. Lakini kwa kuwaza hivyo anaweza kupima mwendo bila dira, bila saa na bila karatasi.

Chukua safari ya kutoka Woleai hadi Olimarao, kama kilomita 217 kuelekea mashariki. Upepo ukiwa mzuri, ni mwendo wa mchana na usiku mmoja. Kaskazini ya njia hiyo kuna kisiwa cha tatu, Faraulep, zaidi ya kilomita 120 kwa mbali. Hakuna atakayekiona tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, hata hivyo ndicho kipimo chenyewe. Nahodha anapoondoka Woleai anajua kwamba Faraulep iko chini ya nyota fulani inayochomoza kaskazini-mashariki. Chombo kikiwa kimemaliza kama theluthi ya njia, Faraulep inakuwa imesogea hadi chini ya nyota ya kaskazini, ile isiyohama. Kisha inaingia chini ya nyota zinazozama upande wa kaskazini-magharibi, moja baada ya nyingine. Inapofika chini ya nyota ya mwisho, Olimarao inapaswa kuwa karibu.

Kila hatua ya kisiwa hicho, kutoka nyota moja hadi nyingine, huitwa etak. Ni hesabu ya umbali iliyogeuzwa kuwa picha, na nahodha huibeba kichwani usiku kucha. Mwendo anaukadiria kwa kuyatazama maji yanavyopita ubavuni. Mkondo wa bahari anaupima mapema, kabla ardhi haijapotea: anageuka nyuma, anakitazama kisiwa alichokiacha, na kama kimehama pembeni ya mstari wa tezi, anajua maji yanamvuta upande gani na kwa nguvu kiasi gani. Akikosea hapo, kosa litakua nyuma yake usiku kucha bila kumpa dalili.

Nyota anazozifuata ni zile zilizo karibu na upeo wa bahari. Nyota inapochomoza mbele ya omo, chombo kinaelekezwa kwake. Ikipanda juu sana haifai tena, na nyingine inayochomoza mahali palepale inashika zamu. Nyota kama kumi zinatosha kumaliza usiku mmoja. Duara lote la upeo limegawanywa katika sehemu 32 zenye majina ya nyota zinapochomoza na zinapozama, na mashariki ni mahali inapochomoza nyota ambayo Waarabu huiita Tairi. Msomaji wa pwani yetu anaweza kushangaa kusikia kwamba manahodha Waarabu wa Bahari ya Hindi nao waligawa upeo wao sehemu 32 kwa majina ya nyota, na mashariki yao ilikuwa Tairi hiyohiyo.

Mawingu yakifunga, au jua likiwa utosini, kinabaki kitu kimoja cha kuaminika: mawimbi marefu. Haya si yale madogo yenye povu yanayoinuliwa na upepo wa hapo hapo. Yametoka mbali sana, yanakuja kwa mpigo uleule siku baada ya siku, na upepo ukigeuka hayageuki nao mara moja. Katika bahari ya Karolini, mawimbi makuu hutoka kaskazini-mashariki, mashariki na kusini-mashariki, na mara nyingi hupishana. Kuyatenganisha kwa macho ni kazi ngumu, kwa hiyo nahodha hulala chini ndani ya chombo na kuusikiliza mwili wake: kwanza kinainuka omo, halafu kinalala upande wa mrengu. Mpangilio huo ukibadilika, anajua kwamba mshika usukani amekengeuka.

Elimu hii hufundishwa nchi kavu kwanza. Mau Piailug alizaliwa mwaka 1932 katika kisiwa cha Satawal, chenye ukubwa wa kilomita za mraba moja na kidogo tu. Babu yake alimchagua akiwa bado mtoto mchanga, akawa anamweka katika vidimbwi vya miambani ili mwili wake uzoee maji kuvuta na kusukuma. Baadaye akakalishwa mkekani, mbele ya duara la mawe, kila jiwe likiwa nyota. Mwanafunzi hutaja nyota zote kwa kuzunguka, halafu kila nyota na mwenzake wa upande wa pili. Kisha huulizwa: ukisimama kisiwa hiki, chini ya nyota ile kuna nini? Kisiwa gani, mwamba gani, samaki gani? Anarudia mpaka jibu litoke bila kufikiri. Mau alipokuwa na umri wa miaka kama 18 alipitishwa katika pwo, sherehe ya kumtawaza nahodha.

Mwaka 1976 aliongoza Hokulea, chombo cha mitumbwi miwili iliyounganishwa, kutoka Hawaii hadi Tahiti, karibu kilomita 4,000, bila chombo chochote cha kupimia. Hakuwa amewahi kusafiri bahari ile, na kusini ya ikweta nyota ya kaskazini hupotea. Kwa mwezi mzima alikaa upande wa mashariki wa njia, akijua kwamba mbele kuna visiwa vingi vya Tuamotu vilivyotandazwa kama wavu. Buabua weupe wakaonekana, na kisiwa cha Mataiva kikafuata.

Buabua ndio wanaokipanua kisiwa. Mnazi wa kisiwa tambarare huonekana kutoka kilomita 20 hivi, lakini buabua huvua mpaka kilomita 30 au 40 kutoka nyumbani. Asubuhi hutoka nchi kavu kwenda baharini, jioni hurudi. Anayewaona jioni hufuata mkia wao. Anayewaona asubuhi huelekea walikotoka.

Kanuni hiyo ilimponza Nainoa Thompson, kijana wa Hawaii aliyefundishwa na Mau, alipoiongoza Hokulea kwenda Tahiti mwaka 1980. Karibu na mwisho wa safari, asubuhi, buabua mmoja alipita juu yao akielekea kusini. Nainoa aliamini kwamba ndege anakimbia ardhi, maana yake kisiwa wamekwishakipita, akageuza chombo. Mau alikuwemo safari nzima, akinyamaza. Hapo ndipo alipofungua kinywa: geuzeni, mfuateni ndege.

Baada ya muda mfupi kisiwa kikaonekana. Ulikuwa msimu wa makinda, na yule buabua alikuwa na kisamaki mdomoni.