Nyota ya Mizani Haisemi "Utaachwa"

Miaka kadhaa iliyopita niliandika kwenye safu ya nyota sentensi moja fupi: "Mizani, Alhamisi haikufai kwa mambo ya ndoa." Ilikuwa jioni, ukurasa unakaribia kufungwa, na nafasi ya mistari miwili ilikuwa bado wazi. Wiki iliyofuata mama mmoja akapiga simu. Binti yake alizaliwa tarehe 2 Oktoba, na washenga wa upande wa kijana walikuwa waje na posa Alhamisi ile ile. Binti alisoma gazeti, akaingiwa na hofu, akaomba siku isogezwe. Upande wa pili wakaona wamedharauliwa. "Mwanangu," akaniuliza yule mama, bila kupandisha sauti, "wewe ulijuaje kwamba Alhamisi ni mbaya?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimeiandika safu ya Mizani kwa namna nyingine, na nataka msomaji ajue inavyotengenezwa, ili akiisoma ajue ni kipi kimetoka angani na ni kipi kimetoka kichwani mwa mwandishi.

Tuanze na Mizani mwenyewe. Kwa safu za magazetini, Mizani ni mtu aliyezaliwa jua likiwa katika sehemu ya saba kati ya sehemu 12 za duara la nyota, yaani kuanzia tarehe 22 au 23 Septemba hadi karibu tarehe 23 Oktoba. Aliyezaliwa kwenye siku za mpakani lazima aangalie na mwaka wake. Utaratibu huu wa kutazama tarehe ya kuzaliwa peke yake ni mgeni kuliko watu wanavyodhani. Ulipata umaarufu London, baada ya mnajimu R. H. Naylor kuandika katika gazeti la Sunday Express, tarehe 24 Agosti 1930, habari za nyota ya Binti Mfalme Margaret aliyekuwa amezaliwa siku tatu kabla. Wasomaji wakapenda, na kila mmoja akataka ya kwake.

Pwani yetu ina njia nyingine. Wapiga falaki hawaulizi ulizaliwa lini. Wanauliza jina lako na la mama yako. Herufi hupewa thamani kwa hesabu ya abjadi, hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa 12. Ikibaki saba, nyota yako ni Mizani. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa Mizani kwa jina na Nge kwa tarehe, na nimepokea barua nyingi za watu waliochanganyikiwa kwa sababu hiyo. Wala hakuna kosa lililofanyika hapo. Ni hesabu mbili tofauti zinazotumia majina yale yale.

Sasa kazi yenyewe. Nichukue wiki moja ya kweli, Jumatatu tarehe 6 hadi Jumapili tarehe 12 Oktoba 2025, wakati Mizani wengi walikuwa wanasherehekea siku zao za kuzaliwa. Kitu cha kwanza ninachotafuta ni mwezi, kwa sababu ndio unaokwenda mbio. Huzunguka duara zima kwa siku 27 na kidogo, hivyo hukaa katika kila nyota siku mbili na kitu. Sayari nyingine zinaweza kukaa mahali pamoja wiki nzima, lakini mwezi hupita nyota tatu hivi, na hizo tatu ndizo zinazoipa safu ya wiki mwanzo, katikati na mwisho wake.

Kisha ninahesabu nyumba. Mizani mwenyewe ni nyumba ya kwanza, Nge ya pili, na kuendelea. Ukihesabu hadi saba unafika kwa Kondoo, ambaye wengine humwita Hamali na magazeti mengine Punda. Huyo ndiye anayemkabili Mizani uso kwa uso, na nyumba ya saba ndiyo nyumba ya mwenza. Ya nane, Ng'ombe, ni ya mali za pamoja na mambo ya ndani. Ya tisa, Mapacha, ni ya safari na watu wa mbali.

Wiki ile mwezi uliingia Kondoo Jumatatu asubuhi, ukapevuka Jumanne saa 12:47 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, ukahamia Ng'ombe Jumatano asubuhi, na Ijumaa asubuhi ukawa Mapacha. Zuhura, sayari ambayo wanajimu huipa Mizani kuwa mlezi wake na mlezi wa mapenzi, ilikuwa bado Mashuke, nyumba ya 12, ya faragha na upweke. Iliingia Mizani usiku wa kuamkia Jumanne ya wiki iliyofuata.

Anga imeishia hapo. Imetoa mada nne tu: mwenza, mali za pamoja, aliye mbali, faragha. Haijasema nani ataachwa wala nani ataolewa. Hayo huongezwa na mwandishi, na mara nyingi huongezwa kwa silabi moja, "ta". Andika "mpenzi wako atakuficha jambo la pesa", na umeshamtia mtu mashakani kwa kosa ambalo huenda halipo. Msomaji ataanza kupekua simu, na akipekua atapata chochote. Badilisha kitenzi: "mkizungumza pesa wiki hii, anza na hesabu kabla ya lawama." Mada ni ile ile, nyumba ni ile ile ya nane, lakini uamuzi umebaki mikononi mwa msomaji. Kila ninapomaliza rasimu huwa nazungushia kila "uta" na "ata" kwa kalamu nyekundu, kisha najiuliza kama naweza kuweka "uki", "huenda" au swali. Karibu kila mara naweza.

Mizani ana hatari yake mwenyewe, na hii inaniuma zaidi. Kwa kuwa alama yake ni mizani, safu humwambia wiki baada ya wiki kwamba yeye ni mpenda amani, ashuke, asamehe, atafute suluhu. Maneno matamu haya. Lakini yanasomwa pia na mwanamke ambaye jana usiku alipigwa. Kwake yeye, "Mizani, wiki hii uvumilivu wako utalipa" ni amri ya kurudi alipotoka. Siwezi kujua ni nani atakayeishika karatasi, kwa hiyo kila sentensi ya kusawazisha ninaiwekea mpaka wake.

Kuna maneno mengine nimeyaacha kabisa. Siandiki kwamba nyota ya mtu imefungwa au imefifia. Mjini kwetu vibao vya kusafisha nyota vimebandikwa kwenye nguzo za umeme, na msomaji aliyeambiwa gazetini kwamba nyota yake imefungwa anajua pa kupeleka akiba yake. Siandiki mtu wa tatu. Na baada ya simu ya yule mama, sitaji tena siku kuwa nzuri au mbaya. Ninataja siku na mada inayoweza kufikiriwa siku hiyo, basi.

Safu ya wiki ile, baada ya kalamu nyekundu, ilikuwa hivi:

"Mizani, mwezi mpevu wa Jumanne uko katika nyumba yako ya mwenza. Uchukulie kama taa iliyowashwa sebuleni: haileti kitu kipya, inaonyesha kilichokuwapo. Kama kuna jambo umelimeza ili nyumba itulie, unaweza kulianza sasa, na si lazima liishe siku hiyo hiyo. Kama huna mtu, jiulize wewe unamtaka mwenza wa namna gani, kabla ya kuuliza nani anakutaka. Katikati ya wiki mada ni mali za pamoja: kodi ya nyumba, mchango wa harusi ya ndugu, deni ambalo hakuna anayelitaja. Mkiwa na hesabu mezani, maneno hupungua ukali. Ijumaa na Jumamosi, aliye mbali na mpenzi wake anaweza kutenga saa moja ya simu isiyo na haraka. Zuhura iko katika nyumba ya faragha, kwa hiyo ukijisikia kukaa peke yako, kaa bila kujilaumu. Haya ya kusawazisha ni kwa wanaoheshimiana. Kama unapigwa au unatishwa, mwambie leo mtu unayemwamini."

Rasimu ya kwanza ilisema "Jumanne ukweli utafichuka". Nikaona nimerudia kosa la Alhamisi, nikaifuta, na taa ya sebuleni ikakaa mahali pake.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona basi safu inaonekana kumlenga yeye hasa? Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akiambiwa ni ya kwake peke yake. Walipoombwa wayape alama kwa usahihi, wastani ukafika 4.26 kati ya 5. Maelezo yalikuwa yale yale kwa wote, na mengi aliyatoa katika kitabu cha unajimu kilichouzwa kwenye kibanda cha magazeti. Deni ambalo hakuna anayelitaja liko katika nyumba nyingi, za Mizani na za Ndoo. Na kuhusu nani anafaa kuoana na nani, mtafiti David Voas alipitia sensa ya Uingereza na Welisi ya mwaka 2001, waume na wake milioni 20, akitafuta kama nyota fulani huoana na fulani kuliko bahati inavyotosha kueleza. Hakuikuta hata jozi moja. Ndiyo maana akija mtu kuniuliza kama Mizani amuache Kaa, namuuliza huyo Kaa anamtendeaje.

Hata mbingu zenyewe zimesogea. Mhimili wa dunia huyumba polepole, na sehemu 12 za wanajimu, zilizopimwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, hazikai tena mbele ya makundi ya nyota yenye majina hayo. Siku hizi jua hupita mbele ya nyota za Mizani mwezi Novemba. Nyota mbili kuu za kundi hilo hata hazina jina la mizani. Kwa Kiarabu ni kucha za nge, moja ya shamali na moja ya janubi, kwa sababu zamani zilihesabiwa kuwa mikono ya Nge aliye jirani.

Namba ya yule mama niliihifadhi. Posa ilikuja mwezi uliofuata, baada ya wazee kwenda kuomba radhi, na katika mkoba wa radhi hiyo ulikuwamo mchango wangu. Jumatatu ile ya tarehe 6 nilimpigia nikamwambia, akiamka alfajiri ya Jumanne, atoke uani. Mbingu ikiwa safi, magharibi angeona mwezi mpevu ukishuka, ule ambao safu yangu iliuweka Kondoo nao kwa macho uko mbele ya nyota za Samaki, na mashariki Zuhura ikimeremeta juu ya mapaa. Akaniuliza kama binti yake naye atoke. Nikamwambia akipenda.